Tupeane uzoefu: ujumbe wa kupanga sapraizi ya anivasari mgahawani, mliandikaje?

Mama Pacha
Wakuu habari. Nataka kumfanyia mume wangu sapraizi, tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Chakula cha jioni, tuko 8, keki naileta mwenyewe. Mgahawa wamenijibu "tuandikie maelezo yote hapa". Sasa hayo maelezo yote ni yapi? Waliopitia, mwageni. Na yaliyoharibika msiyafiche.

Kipepeo
Weka jina la mtu mwingine kwenye buking. Na namba ya simu iwe yako, isiwe ile ya nyumbani mnayoshea. Siku ya tukio mchana huwa wanapiga kuhakikisha kama mnakuja. Kwangu simu ilipokelewa na mwenyewe mlengwa. Sapraizi ikaishia sebuleni.

Tajiri wa Ndoto
Duh, hii ya simu ilitukuta na sisi.

Zamu ya Usiku
Nimekuwa msimamizi wa ukumbi mgahawani muda mrefu, niseme kidogo. Dada, anayesoma ujumbe wako mchana siye atakayekuhudumia usiku. Zamu inabadilika. Kinachomfikia mhudumu wa usiku ni mstari mmoja au miwili kwenye daftari la meza, basi. Ukiandika barua ya kurasa mbili, atakayeifupisha ni mtu asiyekujua, na atakachokiacha ndicho ulichokitaka. Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa uwe hivi: "SAPRAIZI, MUME HAJUI, MSIMPONGEZE MLANGONI." Mengine yafuate. Sapraizi nyingi zinafia pale mlangoni, kijana anapokea wageni kwa bashasha: "Karibuni, hongereni kwa anivasari!"

La pili ni saa. Ukiandika "saa 1:30", mfumo wa buking unaweza kukuweka mchana, saa saba na nusu, wakati wa lanchi. Andika zote mbili: saa moja na nusu usiku, 19:30.

Ngoma Nzito
Mimi natafuta ukumbi wa sendofu watu 200, kuna mwenye namba?

Kipepeo
@Ngoma Nzito mkuu, soma kichwa cha habari.

Shemeji Mkubwa
Sasa nisikilizeni mimi. Dada yangu alipanga kila kitu, ujumbe ulinyooka kama sheria ya bunge. Akaandika "keki iende meza namba 12, ya dirishani, saa 20:45". Tumefika, dirishani kuna maji yanavuja, wakatuhamishia meza ya ndani karibu na nguzo. Hakuna aliyewaza kitu, tumekaa, tunakula.

Saa 20:45 taa zinapunguzwa. Wahudumu watano wanatoka jikoni wanaimba, keki inawaka mishumaa, "Miaka 15 ya Upendo". Wanatupita! Wanakwenda dirishani, maji yameshafutwa, pale wamekalishwa wawili tangu wamefika hawajasemeshana. Mama wa watu macho mekundu, leso mkononi. Yule baba anatazama keki, anatazama wahudumu, anamtazama mkewe. Halafu akainama AKAZIMA MISHUMAA. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada yangu alikuwa amesimama nusu, mkono umebaki hewani, na shemeji anamuuliza "vipi, unawafahamu wale?"

Tajiri wa Ndoto
Nimecheka hadi mtoto ameamka. Keki mliichukua?

Shemeji Mkubwa
Meneja alitaka kuirudisha. Mama yetu akakataa, keki imeshapuliziwa na mtu baki. Tukaletewa aiskrimu ya pole.

Mzee wa Bajeti
Hapo mmekosea. Keki mmelipia, mnakata upande wa pili mnakula. Mate ya mtu hayafiki keki nzima.

Kipepeo
Yanafika, mzee. Usituletee.

Mzee wa Bajeti
Kwenye birthday za watoto wenu mnakula bila kuuliza. Leo mmekuwa wasafi?

Bibie wa Pwani
Achaneni na mate. Wale wawili walipatana?

Shemeji Mkubwa
Sijui. Walikata keki, hilo niliona.

Zamu ya Usiku
Kosa hapo ni kuifunga keki kwenye namba ya meza. Meza zinahama kila usiku: mvua, kundi kubwa limekuja, kiti kimevunjika. Ifunge kwenye jina la buking, na mtaje mtu mmoja wa kwenye msafara ambaye mhudumu atamfuata kimyakimya kabla haijatoka: "muulizeni dada mwenye kilemba cha njano".

Na saa 20:45 ni ya kubahatisha. Jiko likichelewa, keki inatoka watu wana nyama mdomoni. Sema itoke sahani za chakula kikuu zikishaondolewa, kabla menyu ya vitamutamu haijaletwa. Hapo meza ni tupu na sahani ndogo zina pa kukaa.

Bibie wa Pwani
Sisi tuliweka ishara. Nikiomba "maji ya moto na limao", keki itoke.

Kipepeo
Na bibi mkwe akiomba maji ya moto na limao mapema?

Bibie wa Pwani
Ndicho kilichotokea 😂

Tajiri wa Ndoto
Keki ikae kwenye friji mpaka dakika ya mwisho, isiyeyuke.

Mkate Mtamu
Inategemea, kaka. Naoka keki. Krimu ya kupigwa, sawa, isitoke mapema. Lakini krimu ya siagi ikitoka moja kwa moja kwenye friji inakuwa ngumu kama sabuni, kisu kinaipasua na ladha haisikiki. Hiyo itoke kama saa moja kabla, ikae mahali pa baridi mbali na majiko. Na uandike boksi lina upana na kimo gani, maana friji ya mgahawa imejaa, keki ya ghorofa haipiti kati ya rafu mbili. Wakikosa nafasi wanaiweka karibu na vitunguu, na siagi inavuta harufu. Uliza pia kama wanatoza kwa kuhudumia keki ya nje.

Mzee wa Bajeti
Kutoza kukata keki yangu mwenyewe! Kisu naenda nacho.

Zamu ya Usiku
Sahani 8 na uma 8 utaosha wewe?

Mama Pacha
Asanteni jamani. Nimeandika hivi, nikosoeni:

"SAPRAIZI, MUME HAJUI, MSIMPONGEZE MLANGONI. Buking ya watu 8, jina la dada yangu. Wageni 6 wanafika saa moja kamili usiku (19:00), mimi na mume saa moja na nusu (19:30). Tukifika, mtupeleke mezani bila kuuliza idadi. Meza isionekane kutoka mlangoni. Mtuachie viti viwili vya katikati, cha mume kipe mgongo jikoni. Keki ya krimu ya siagi, boksi sm 30 kwa 30, kimo sm 20, inaletwa 17:00. Itolewe kwenye friji 19:45. Ije mezani sahani kuu zikishaondoka, mumuulize kwanza dada mwenye gauni la kijani. Mishumaa miwili tu, fataki hapana. Mnipigie mimi pekee."

Zamu ya Usiku
Imekaa vizuri. Wageni waambie magari wayaweke nyuma. Watu wanajificha ndani huku gari la shemeji limeegeshwa mbele ya mlango.

Bibie wa Pwani
Kumpa mgongo jikoni sikubali. Mimi nataka aione keki inavyokuja, ndiyo raha yenyewe.

Kipepeo
Akiiona toka mbali anajiandaa uso. Mgongo jikoni!

Mzee wa Bajeti
Wote mmesahau bili. Hujaandika apewe nani. Mhudumu atamwekea mumeo mbele yake, na hapo ndipo atashtuka kweli.