Naombeni ushauri: namwambiaje mgonjwa "hatua ya nne" bila kumwambia anakufa?

Muuguzi_Tanga: Wakuu, juzi nilimtafsiria daktari mgeni kwa mama wa miaka 52 mwenye saratani ya titi. Picha zimeonyesha imefika kwenye uti wa mgongo na nyonga. Nikasema: "Mama, uko hatua ya nne, imesambaa mwilini, haitibiki." Akauliza kama awaite wanawe wagawane shamba. Daktari akaendelea na maelezo ya vidonge, mama hasikii tena. Anarudi kesho. Nimeumia sana, nisemeje?

Kibwebwe: Tatizo ni "hatua". Sema "awamu", ni laini zaidi.

DktSaratani: Dada, ukisema awamu atauliza ziko ngapi, na jibu ni lilelile. Kilichomvunja ni "haitibiki". Daktari alimaanisha haitaisha kabisa. Mama akasikia hakuna dawa, na dawa ipo. Sema: "Dawa ya kuimaliza kabisa hatuna. Ya kuizuia na kupunguza maumivu tunayo, tunaanza leo." Na "imesambaa mwilini" ni kubwa kuliko ukweli. Taja mahali: "Saratani ya titi imefika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga." Tena usije ukaiita saratani ya mifupa. Chembe zile zimetoka kwenye titi, ndiyo maana anapewa dawa za titi.

Mjukuu wa Lushoto: Baba yangu tezi dume ilikutwa imeshafika mifupani 2018. Anachoma sindano kila miezi 3 na bado analima. Mwambie mama ataishi miaka mingi!

DktSaratani: Mungu amzidishie mzee. Ila ya tezi dume si ya titi, usimwahidi mama miaka ya mtu mwingine.

Kibwebwe: Basi aambiwe imegusa mfupa kidogo tu, alale usingizi.

DktSaratani: Hapana, hapo utamdhuru. Uvimbe kwenye uti unaweza kubana neva. Akijua ni "kidogo tu", miguu ikianza kulegea au mkojo ukimshinda atakaa nyumbani akijichua mafuta, akija wiki ijayo huenda asitembee tena. Lazima ajue ni mgongo, na kwamba dalili hizo ni za kuja hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi_Tanga: Asante daktari. Vidonge ni tamoksifeni. Na hiyo namba nne, niitaje au niiache?

DktSaratani: Daktari akiitaja, itaje, kisha mwombe aeleze maana yake nawe utafsiri. Inaonyesha ugonjwa umefika wapi, haihesabu siku zilizobaki. Kisha mwombe mama akusimulie alivyoelewa, kama anavyokwenda kumwambia mwanawe.

Mama Zuhura: Mimi ni mgonjwa, namba nisingetaka kuisikia. Nilipoisikia sikulala siku nne. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani.

Muuguzi_Tanga: Nitamwomba daktari aanze na swali hilo la Mama Zuhura. Na lile la shamba nitamtafsiria daktari kesho, juzi nililimeza.