Kijana hatofautishi nyanya mbivu na mbichi: imetoka upande gani?

MamaUmoja: Wapendwa, naomba ushauri. Kijana wangu ana miaka 7. Nikimwambia achague nyanya mbivu kwenye karai, anazibonyeza moja moja kwanza, maana kwa macho haoni tofauti. Kwenye bendera alipaka kahawia mahali pa kijani. Samawati na manjano hakosei kamwe. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Mume wangu anaona vizuri, na kwao wanasema mimi ndiye nimeileta. Ni kweli? Na binti yangu wa miaka 3 je?

JiraniKayole: Pole dada. Ni kweli hupitia kwa mama. Lakini kaka zako wanaona vizuri? Kama wako sawa, basi haikutoka kwa baba yako. Binti usimhofie, wasichana hawapati.

MpimaMachoNgara: Jirani, la mama umelipata, la kaka hapana. Huu upofu wa rangi hukaa kwenye kromosomu X, na baba humpa mwanawe wa kiume kromosomu Y. X ya kaka zake ilitoka kwa mama yao, kwa hiyo macho yao hayatuambii lolote kuhusu mzee. Binti ndiye hupokea X ya baba, na baba anayo moja tu. Basi MamaUmoja lazima anaibeba. Anaona vizuri kwa sababu ya X ya mama yake. Kila mvulana atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu, na X ya mume haihusiki hapo. Binti naye ni nusu kwa nusu kuibeba, lakini kwa hii ya nyekundu na kijani ataona sawa, kwa kuwa baba yake amempa X nzima. Wasichana hupata pia, hasa baba akiwa nayo na mama akibeba aina ileile.

Kuhusu samawati: macho yana seli za kuonea rangi ziitwazo koni, za aina 3, na rangi tunaipata kwa kuzilinganisha. Koni za mawimbi marefu zikipimwa dhidi ya zile za kati, tofauti yao ndiyo inayotenga nyekundu na kijani. Jeni zao zimekaa jirani kwenye X na zinafanana mno, ndiyo maana ni rahisi moja kupotea au zote mbili kuchanganyika. Hapo tofauti hiyo hufifia au hutoweka kabisa. Ulinganisho wa samawati na manjano unabaki, kwani jeni ya koni za samawati iko kwenye kromosomu 7.

FundiStima: Mimi pia ninayo. Waya nyekundu naiona kama nyeusi. Hii miwani inayouzwa mtandaoni inatibu?

MpimaMachoNgara: Haitibu. Huongeza utofauti wa baadhi ya rangi tu, koni hairudishi. Nyekundu kuonekana nyeusi ni dalili kwamba shida iko kwenye koni za mawimbi marefu. Usiguse waya kabla ya kuupima kwa testa.

MamaUmoja: Wangu taa nyekundu za gari anasema zinang'aa sana. Ni aina nyingine?

MpimaMachoNgara: Huenda ni zile za kati. Mlete apimwe kwa kadi za Ishihara. Zitathibitisha kama anayo, ila kutenga aina na kiwango haziwezi vizuri. Kwa sasa andika majina ya rangi kwenye kalamu zake na umwambie mwalimu. Binti hata akipimwa kwa kadi hizo, hazitakuonyesha kama anaibeba.