Wamefuta hesabu ya foleni ya maji katika hadithi yangu, wakaweka machozi

Naandika uzi huu nikiwa na hasira. Hadithi yangu fupi kuhusu msichana wa Gredi ya 6 katika kijiji kimoja cha Kitui imetoka katika mkusanyiko wa watoto uliochapishwa hapa Nairobi, na kurasa mbili zilizoibeba hadithi nzima zimeng'olewa bila mimi kuulizwa. Katika toleo lao, msichana analia barazani, wazee wanamhurumia, kisha mheshimiwa anafika na mashine ya kuchimba kisima. Sikuandika hivyo.

Katika hadithi niliyoiandika, kijiji kina nyumba 60 na mfereji mmoja unaoletewa maji na bomba kutoka kwenye chemchemi ya mlimani. Mwalimu anawapa wanafunzi mradi, naye msichana anaamua kupima muda ambao foleni inakula. Anagundua mapema kwamba watu hawapangi foleni wenyewe. Mitungi ndiyo hupangwa tangu alfajiri, kila mmoja ukiwa umefungwa kitambaa cha rangi kwenye mkono wake ili mwenyewe autambue. Kwa hiyo anaufuata mtungi badala ya mtu, akiandika saa unapowekwa na saa unapoondoka ukiwa umejaa, kwa kutazama simu ya mama anayeuza maji.

Mtungi wa lita 20 unajaa kwa dakika 5. Saa 12 asubuhi, mfereji unapofunguliwa, mitungi 36 tayari imepangwa, kwa hiyo wa mwisho unajaa baada ya saa 3, wakati darasa limekwisha kuanza. Hapo ndipo mhariri alipokatia na kuleta kilio.

Ukurasa uliofuata ndio ulionigharimu usingizi. Kila nyumba inahitaji mitungi 4 kwa siku, yaani lita 4,800 kwa kijiji chote. Mfereji hutoa lita 4 kwa dakika, na kwa kuwa kufuli hufungwa saa 12 jioni, kwa saa 12 za mchana zinapatikana lita 2,880 tu. Kamati ya maji imeamini miaka yote kwamba maji ni haba, ikasubiri kisima cha serikali. Msichana anapanda mlimani kabla ya jua kuchomoza, anakuta maji yakifurika nje ya kisanduku cha chemchemi na kupotelea kwenye mawe, na anaelewa kwamba maji ya usiku yanamwagika wakati mitungi imelala foleni. Kijiji kinachanga fedha za tangi la lita 3,000 lililoinuliwa juu ya jukwaa, likijaa usiku na kutoa maji asubuhi kupitia mifereji mitatu. Wanakijiji wanasukumwa na daftari, si na huruma, na mtoto anayesoma toleo lao hatalijua hilo kamwe.

MamaWaKayole: Pole sana, ndugu. Huku kwetu mgao wa maji umekuwa mateso, na mchuuzi wa mkokoteni anapandisha bei ya mtungi siku mfereji unapokauka. Je, huyo mchapishaji anaweza kusaidia mtaa wetu pia?

Mwalimu_G6: Nakubaliana nawe kuhusu hesabu, ila tangi halikuhitajika. Wangeongeza mifereji miwili kwenye bomba lilelile, foleni ingegawanyika mara tatu.

FundiBomba: Mwalimu, foleni ingegawanyika, lakini kusubiri kusingepungua. Bomba linaleta lita 4 kwa dakika. Ukiligawa kwa mifereji mitatu, kila mtungi utajaa kwa dakika 15. Mifereji zaidi inasaidia pale tu nyuma yake pana akiba, kama mwandishi alivyoeleza. Hata hivyo nina shaka moja na hadithi yenyewe. Kiangazi kikikaza, chemchemi hushuka, na ikishuka hadi lita 2 kwa dakika, mchana na usiku pamoja vinatoa lita 2,880, nayo foleni itarudi palepale. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu huduma ya maji kuwa ya msingi ikiwa kwenda, kupanga foleni na kurudi havizidi dakika 30. Je, msichana wako alipima kiangazi?

Mwenye uzi: Alipima mwezi wa Mei, baada ya masika, na mwalimu wake anamwuliza swali hilohilo katika aya ya mwisho, anamwambia arudie mnamo Septemba. Aya hiyo pia wameifuta. Nimewaandikia wachapishaji nikitaka kurasa zangu zirudishwe kabla ya chapa ya pili, la sivyo jina langu liondolewe. Wamejibu kwamba watoto hawapendi hesabu ndani ya hadithi. Mwalimu, wewe unawafundisha watoto hao kila siku: ni kweli?

Mwalimu_G6: Wengine hawapendi. Nitumie kurasa hizo nizisome darasani Jumatatu, kisha nitakujibu.