Mrejesho: barua pepe ya ratiba ya mtihani
Niliuliza: "Niwaandikieje wazazi na wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwamba ratiba ya mtihani imebadilika, bila kuzua taharuki?"

Asanteni wakuu. Nimetuma hivi, kichwa kikiwa "Hisabati imehamia Ijumaa 29 Mei":

"Ndugu wazazi na wanafunzi, kwa sababu ya Idd, Hisabati haitafanyika Jumatano 27 Mei. Itafanyika Ijumaa 29 Mei, saa 2:00 hadi 5:00 asubuhi, kabla ya swala. Masomo mengine, vyumba, namba za mtihani na siku ya kufunga shule havijabadilika. Ratiba ya zamani isitumike."

Kuweka tarehe kwenye kichwa kumesaidia kweli, maana wengine husoma hapo tu. Aliyepiga simu ni mzazi mmoja wa bweni, alishakata tiketi ya Alhamisi. Hilo tunalishughulikia.