Viwavi wenye manyoya na mfuko wa kahawia mtini: ni nani hawa, na ndio wanaowasha?

Shamba_Shinyalu
Hamjambo wanajamvi. Niko Shinyalu, Kakamega. Kuna mti umeota wenyewe ukingoni mwa mahindi yangu na umevamiwa. Picha ya 1: viwavi wa rangi ya kahawia wenye manyoya marefu meupe, wanashuka shina kwa msururu, kila mmoja kichwa chake kikigusa mkia wa aliyetangulia. Picha ya 2: mfuko wa kahawia umeshikamana na tawi, mkubwa kama ngumi mbili, ukiubonyeza kwa kijiti ni mgumu kama karatasi ya mfuko wa simiti. Kijana anayenisaidia alipogoa matawi ya chini jana mchana. Anaapa hakugusa kiwavi hata mmoja, lakini ilipofika jioni shingo na mikono kwa ndani vimejaa vipele vyekundu, na hakulala kwa kujikuna. Ni kiwavi gani huyu, na ndiye aliyemwasha?

Mzalendo_wa_Bonde
Hao ni washawasha. Sumu iko kwenye hayo manyoya meupe marefu. Lakini kama hakuwagusa basi si wao, huyo kakutana na upupu kwenye ua. Mfuko mwagie mafuta ya taa, piga kiberiti, kwisha habari.

mdudukazi
Mzalendo, kuhusu washawasha uko sahihi. Mengine naomba tuyarekebishe kabla hajapiga hicho kiberiti.

Shamba, msururu wa kichwa kwa mkia pamoja na mfuko mmoja wa wengi vinaelekeza kwa Anaphe, wale viwavi wa hariri ya mwitu. Kakamega wanajulikana sana, na watafiti wa wadudu wa icipe waliwahi kufundisha wakazi wa kandokando ya msitu kuvuna hariri yao. Viwavi hukaa kundi moja tangu kuanguliwa, na wakikomaa wanasokota mfuko wa pamoja. Ndani yake kila mmoja anajitengenezea kifuko chake kidogo. Kwa hiyo huo mfuko mmoja unaweza kuwa na makumi ya wadudu, hata zaidi ya mia.

Manyoya marefu unayoyaona pichani ndiyo yanayotisha, lakini siyo yanayosumbua zaidi. Yanayowasha ni vinyweleo vifupi mno, macho hayavioni, vina miiba midogo kama mshale wa samaki. Vinakatika kirahisi na kupeperushwa na upepo. Viko kwenye mwili wa kiwavi, kwenye ngozi anazojivua, na vinasokotwa pamoja na hariri ya mfuko. Mtu akitikisa tawi akiwa chini yake, jasho shingoni, vinamwangukia na kunasa. Ndiyo maana kijana hakugusa kitu na bado amewashwa, na ndiyo maana ni shingo na mikono kwa ndani badala ya viganja. Ngozi ya kiganja ni nene, vinyweleo havipenyi vizuri.

Upupu siukatai moja kwa moja, lakini ule huwasha papo hapo. Huyu kawashwa saa kadhaa baadaye.

Sasa nisaidie mti. Jani lina mishipa ya namna gani? Na shina lina miiba?

mama_kahawa
Samahani nadandia uzi. Kwangu kuna kiwavi kwenye kahawa, mfupi, mnene, anateleza kama konokono asiye na gamba, ana vishada vya miiba mgongoni. Nikimgusa wakati wa kuchuma ni kama nimechomwa na kiberiti. Ni huyu huyu?

mdudukazi
Hapana mama, huyo ni ukoo mwingine. Ulivyomweleza anafanana na Parasa, ambaye kahawa ni mojawapo ya mimea anayoila. Yeye ana miiba yenye tundu lililojaa sumu ndani, inafanya kazi kama sindano: lazima umguse, na maumivu yanakuja sekunde ile ile. Kwake glavu zinatosha. Kwa hawa wa Shinyalu glavu peke yake hazitoshi, kwa sababu tatizo liko hewani.

Nesi_wa_Zamu
Kuhusu kijana. Asijikune wala asijifute kwa taulo, atavisukuma ndani zaidi. Chukua selotepu pana, bandika juu ya ngozi kavu, bonyeza kidogo, ng'oa. Kila mara kipande kipya, rudia mara tano au sita sehemu ile ile. Ndipo aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Watu wengi huanza na maji halafu selotepu haishiki tena.

Nguo alizovaa jana azivue bila kuzipitisha usoni. Kama ana fulana ya shingo nyembamba, bora aikate. Zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Akizivaa tena bila kufua, ataanza upya kesho. Kwa muwasho, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 na kidonge cha setirizini usiku. Muulize mfamasia kama anatumia dawa nyingine. Jicho likiwasha, asafishe kwa maji safi dakika 15 na aende kliniki ya macho siku hiyo hiyo, kwa sababu vinyweleo hivi vinaweza kuchimba ndani ya jicho. Akibanwa kifua au midomo ikivimba, hospitali mara moja.

Kabwe_Lshi
Kwetu Lubumbashi viwavi ni mboga. Hawa mnawaogopa bure, wakaangeni kwenye mchanga wa moto manyoya yaungue, mtakula vizuri.

mdudukazi
Kabwe, kuna wanaowala Anaphe, sikatai, na moto unaondoa manyoya. Ila ndugu yao Anaphe venata, anayeliwa kusini-magharibi mwa Nijeria, ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na hakiharibiki kirahisi kwa kupikwa. Wanaokula chakula kisicho na B1 ya kutosha wamepatwa na kutetemeka na kuyumba kama walevi. Mimi nisingemshauri mtu aanzie kwenye mti wa shambani.

Shamba_Shinyalu
Asanteni, selotepu imesaidia, shingo imetulia ingawa mikono bado. Nimeangalia mti. Mishipa ya jani imenyooka sambamba, inafika hadi ukingoni kabisa na kupinda kuufuata. Shina kubwa halina miiba ila matawi machanga yanayo. Matunda madogo meusi, ndege wanayapenda.

mdudukazi
Huo ni mkarati, Bridelia micrantha, ambao huko kwenu wengine wanauita shikangania. Ni mti mama wa Anaphe panda hapo Kakamega, kwa hiyo jina hilo ndilo ninaloliweka mbele. Kwa picha ya kiwavi pekee siwezi kuapa, wapo ndugu wanaofanana. Nondo akitoka ndiye atakayemaliza ubishi. Mahindi yako hawana haja nayo.

Moto usiwashe. Joto na moshi vinapeperusha vinyweleo kabla havijaungua, na aliyesimama upande wa upepo ndiye anayevipokea. Kama mti hauko njiani wala mlangoni, uacheni. Kama ni lazima mfuko utoke, fanyeni alfajiri umande ungalipo na upepo umelala. Mikono mirefu, glavu, barakoa, miwani, kola imefungwa. Loweshani mfuko kwa bomba la kunyunyizia, maji lita 5 na sabuni ya maji vijiko viwili, mpaka uanze kudondosha. Sabuni inasaidia maji yaingie, bila hiyo yanateleza juu ya hariri. Kateni tawi zima, liingie kwenye gunia bila kutikiswa, fungeni, zikeni nusu mita.

Mzalendo_wa_Bonde
Sawa, kiberiti nimekirudisha mfukoni. Lakini upupu kwenye ua ukague pia.

Shamba_Shinyalu
Nitaukagua. Juu kabisa kuna mfuko mwingine wa zamani, umepauka, una tundu upande mmoja. Huo si mtupu tayari?

mdudukazi
Nondo wametoka, vinyweleo havijatoka. Uloweshe vile vile, na watoto wasiupasue kuchungulia ndani.