Tupeane uzoefu: vidonda vya tumbo, kiungulia na funga ya Ramadhani, dawa mnazinywa saa ngapi?

Mzizima_Kati
Assalaam aleykum, na habari zenu wote. Nina vidonda vya tumbo vilivyoonekana kwa kipimo cha kamera miaka minne iliyopita, mwanzoni kabisa mwa utumbo mdogo, na pamoja navyo nina kiungulia. Daktari aliniandikia omeprazoli ya miligramu 20, asubuhi moja na jioni moja. Ramadhani iliyopita niliona kwamba, kwa kuwa mchana nimefunga, ni rahisi kuzimeza zote mbili wakati wa daku, tena katikati ya kula, kisha niswali alfajiri na kurudi kulala. Ilikuwa ikifika saa nane mchana, chembe ya moyo inauma kama mtu anaichimba kwa kijiti. Usiku, nikiwa kwenye sijda ya tarawehe, futari yote inapanda hadi kooni ikiwa na uchungu, nami namezea huku imamu akirefusha.

Safari hii daktari amenitaka nizigawe dawa hizo. Kengele ya simu inaniamsha saa kumi kasoro dakika ishirini, nameza kapsuli kwa glasi ya maji, nakaa, na saa kumi na robo ndipo ninapokula. Maumivu ya mchana yamepungua mno tangu wiki ya kwanza ilipoisha. Kilichobaki ni kiungulia cha usiku, kwa sababu kapsuli ya jioni bado naimeza mezani pamoja na futari. Naomba wenye hali kama yangu waeleze wanavyopanga.

Dirisha_la_Dawa
Wa aleykum salaam. Ninafanya kazi ya ufamasia, na kosa la kapsuli mbili kwenye daku nalisikia kila mwaka. Omeprazoli haizimi tindikali iliyokwisha kumwagika tumboni. Inafunga vile vijitambo vinavyoitengeneza, na vijitambo hivyo huamka kwa wingi pale chakula kinapoingia. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu kabla ya tonge la kwanza, yaani imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo. Ukiimeza katikati ya kula, inachelewa kufyonzwa na vijitambo vinaifanya kazi yao kwanza. Ndiyo maana pia nafuu yako ilikuja wiki ilipoisha: nguvu yake haikamiliki siku ya kwanza, bali huongezeka kwa siku tatu hadi tano.

Kwa jioni, fungua kwa maji na kapsuli azana inapoadhiniwa, uswali magharibi, kisha ukae hadi nusu saa itimie ndipo ule muhogo wako. Anayetumia kapsuli moja tu kwa siku naye aangalie anaumia saa ngapi: anayeumia mchana aitangulize kabla ya daku, anayesumbuliwa usiku aitangulize kabla ya futari, na asijiongezee ya pili bila kuuliza.

Bi_Kibokoni
Mimi niko Mombasa, nina umri wa miaka 61, na sijawahi kuacha kufunga. Kapsuli huifungua nikamwaga zile chembechembe kwenye uji wa moto ili zifanye kazi upesi, na daku namalizia kwa glasi ya maziwa, kwani maziwa yanapaka tumbo. Kilichonisaidia zaidi ni mwanangu kuniinulia kitanda upande wa kichwani kwa tofali moja kila mguu. Mito miwili haikunifaa, ilinikunja tumbo tu. Na baada ya daku silali. Nakaa na msahafu wangu hadi jua lichomoze vizuri.

Dirisha_la_Dawa
Shikamoo, Bi Mkubwa. La tofali na la kutolala nakubaliana nawe kabisa, maana mlango wa juu wa tumbo la mwenye kiungulia haufungi vizuri, na akilala tumbo likiwa limejaa tindikali inateremka kwenda kooni kama maji kwenye mfereji. Saa mbili au tatu za kukaa ndizo zinazotakiwa. Lakini zile chembechembe zimevikwa ganda ili tindikali ya tumbo isiziharibu kabla hazijafika kwenye utumbo, na uji wa moto au kuzitafuna kunalivunja ganda hilo. Mtu asiyeweza kumeza kapsuli azichanganye na kijiko cha kitu laini kilichopoa, azimeze papo hapo bila kutafuna. Maziwa nayo yanapoza kwa muda mfupi, halafu yanaliita tumbo litoe tindikali zaidi.

Bi_Kibokoni
Marahaba, mwanangu. Uji nitaupoza. Maziwa siachi.

Mwanza_Rock
Bwana asifiwe. Mimi ni Mkristo na nina vidonda vya tumbo. Kanisani kwetu tunaingia mfungo mkavu wa siku tatu, hakuna maji wala chakula. Je, hiyo kapsuli ya nusu saa kabla ya mlo niinywe kabla ya mlo upi, ikiwa mlo wenyewe haupo?

Dirisha_la_Dawa
Amina, ndugu. Swali lako ni tofauti na la mwenye mada, kwa kuwa yeye ana milo miwili kila usiku. Bila chakula dawa hii inapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, na siku tatu bila maji ni hatari hata kwa asiye na vidonda. Mwone daktari kabla ya kuanza, na mweleze mchungaji wako hali yako.

Kijana_wa_Pangani
Naongeza yaliyonipata, ingawa yanahusu dawa nyingine. Nilikuwa na maumivu ya mgongo, nikawa nameza dikilofenaki kila magharibi kwa kokwa moja ya tende, nikiamini tende inatosha kulinda tumbo. Siku ya kumi na moja nilipata choo cheusi, kinata kama lami, chenye harufu ambayo sijawahi kuisikia, na niliposimama kwa ajili ya rakaa ya pili nikaona giza. Nilipelekwa hospitali nikaongezewa damu chupa mbili. Sikufunga tena mwezi ule, na siku zile nililipa baadaye, kwa kuwa aya ya 184 ya Suratul Baqara inampa mgonjwa nafasi hiyo.

Shemeji_Mtoni
Mke wangu naye alipata choo cheusi akiwa mjamzito, ila wakasema ni vidonge vya madini ya chuma tu.

Kijana_wa_Pangani
Hivyo vinaweza kukifanya kiwe cheusi kweli, shemeji. Mimi sikuwa navyo, na kile kizunguzungu ndicho kilichonitisha.

Mzizima_Kati
Narudi baada ya siku tano. Kapsuli ya jioni sasa naimeza kwa maji kwenye azana, na futari nimeipunguza: bakuli la uji usio na pilipili manga, vipande viwili vya muhogo usio wa nazi nzito, na samaki wa kuchoma. Bajia na chai ya rangi nimeziacha. Katika usiku tano, sijda zimenitibua usiku mmoja tu, ule tulioalikwa kwa shemeji nikala sambusa nne.

Jambo moja halijanikalia sawa. Napenda kufungua kwa tende tatu, nazo ni chakula. Je, nizile pamoja na kapsuli au nizisubirishe hadi baada ya sala?

Dirisha_la_Dawa
Mimi nawaambia wateja kwamba tende chache si mlo mzito, wazile tu. Mwenzangu wa zamu ya jioni anawaambia wafungue kwa maji na kapsuli peke yake. Tumebishana tangu mwaka juzi.

Bi_Kibokoni
Kula tende zako, baba.