Mwalimu Mkongo anamfundisha mtoto "septante". Abadilishwe?

Mama Tabata: Jamani, binti yangu anajiandaa na mtihani wa Kifaransa hapa Dar. Mwalimu wake wa tuisheni katoka Lubumbashi. Kwake sabini ni "septante", kitabu kinasema "soixante-dix". Na ile "r" anaikokota kama sisi. Nitafute mwingine?

Kijana wa Posta: Tafuta mwingine. Hicho ni Kifaransa cha mtaani, Wakongo wamejitungia. Hata themanini wanasema "huitante".

Mkalimani, Lubumbashi: Hatukujitungia kitu, kaka. Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji kuanzia 1908 hadi 1960, na Wabelgiji mpaka leo wanasema "septante", na tisini ni "nonante". "Huitante" utaisikia Uswisi, tena si kote. Sisi na Wabelgiji themanini ni "quatre-vingts", kama Paris. Hata karo ya shule huku tunaiita "minerval", neno la Ubelgiji. Mfaransa anaweza asilielewe kabisa.

Mama, tarakimu zisikutishe. Mwambie binti ajue zote mbili, ila kwenye karatasi aandike za kitabu. "R" nayo haiharibu maana. Msikilize mwalimu kwenye "u" ya Kifaransa, si kama "u" yetu. Wengi wetu huisogeza kuwa "i", ndiyo maana hata kwenye Kiswahili chetu ofisi ni "biro", kutoka "bureau". Sasa neno "rue", barabara, ukilitamka "ri" umesema "riz", mchele. Mpe asome "rue", "riz" na "roue", gurudumu, mfululizo. Zikitoka sauti tatu tofauti, mwalimu huyo mshike.

Bujumbura84: Mimi nimesoma kwa "septante" tangu chekechea, sijawahi kukwama popote. Juzi Abidjan ndiyo nilikwama! Naambiwa twende "maquis", nikadhani porini kwa waasi, kumbe mgahawa.

Kijana wa Posta: Sawa, kwenye huitante umenishika. Lakini si umeona? Kila nchi na lake. Dakar kituo cha mafuta ni "essencerie". Mtoto afuate lipi?

Mkalimani, Lubumbashi: "Essencerie" imetokana na "essence", petroli, na imeundwa kama "boulangerie", duka la mikate, kwa kanuni ya Kifaransa chenyewe. Mtoto akiisikia ataelewa. Kuitumia kwenye insha ya mtihani ni jambo jingine, hapo sibishani nawe.

Mama Tabata: Nimemsomesha mwalimu yale maneno matatu, kwa kisingizio cha kumsaidia mtoto. "Roue" safi. Hizo mbili nyingine, mh, masikio yangu yamesikia kitu kimoja.

Bujumbura84: Masikio yako au mdomo wake? Mrekodi, tumsikilize wote.

Kijana wa Posta: Nilisema mapema, abadilishwe.

Mkalimani, Lubumbashi: Abadilishwe kwa ajili ya sauti moja tu? Mpe kwanza "vu" na "vie".